Zahanati na jina lake: somo la Zuia Mbu kutoka bonde la Kilombero

Mwaka 1997 vyandarua vyenye dawa vilianza kuuzwa kwenye maduka ya vijiji vya Kilombero na Ulanga kwa jina ambalo wakazi wengi wa makamo wa bonde hilo bado wanalikumbuka: Zuia Mbu. Mradi wenyewe uliitwa KINET, na uliendeshwa na kituo cha utafiti cha Ifakara ambacho leo tunakijua kama Taasisi ya Afya Ifakara. Jina halikuokotwa. Wahusika waliwauliza kwanza wanunuzi wanachokitafuta kwenye chandarua, wanachokiogopa na namna wanavyokizungumzia, ndipo wakachagua maneno mawili mafupi na kuyaweka kwenye chandarua na pia kwenye dawa ya kukichovyea.

Miaka mitatu baadaye, katika vijiji vilivyokuwa vikifuatiliwa, matumizi ya vyandarua vyenye dawa kwa watoto wachanga yalikuwa yametoka chini ya asilimia 10 hadi zaidi ya asilimia 50. Mwaka 2001 jarida la Lancet lilichapisha matokeo yaliyoonyesha kwamba uwezekano wa mtoto wa kati ya mwezi mmoja na miaka minne kubaki hai uliongezeka kwa asilimia 27 pale chandarua hicho kilipotumika. Kwa matokeo ya namna hiyo, mfanyabiashara mwingine angelibadilisha jina mara moja aandike Okoa Mtoto, au Zuia Malaria, au Kifo Basi.

Wao walibaki na mbu, na nadhani walifanya sawa kabisa. Chandarua hakiwezi kumlinda mtu dhidi ya malaria yote, kwa sababu mbu anaweza kumuuma jioni akiwa bado jikoni, au alfajiri akiwa ameshaamka kwenda kuamia ndege kwenye mpunga. Anayelala ndani ya Zuia Mbu akaugua hana sababu ya kusema kwamba amedanganywa. Mbu walizuiwa, na asubuhi anaweza kuwaona wamekufa pembeni mwa kitanda. Jina lilitaja kazi ambayo kitu chenyewe kinaifanya kila usiku, likayaacha yale yanayotokana na kazi hiyo yajitokeze yenyewe.

Nimelikumbuka jina hilo kwa sababu ya mabango ya zahanati binafsi. Ukishuka kutoka Kidatu, ukapita Mang'ula hadi Ifakara, kisha ukavuka daraja la Magufuli kuelekea Lupiro, utakutana nayo mengi. Sheria ya mwaka 1977 ilikuwa imezuia tiba ya kibiashara, ikarekebishwa mwaka 1991, na tangu hapo tabibu mwenye leseni na mtaji anaweza kufungua nyumba yake mwenyewe. Ifakara ni mji ambao watu wake wamelelewa na hospitali ya misheni, ile ya Mtakatifu Fransisko, na pia wamezoea watafiti wanaokuja nyumbani kuwatoa tone la damu kidoleni. Wanajua huduma ikoje. Anayefungua zahanati yake katikati ya watu hao ana hamu ya kuonekana kuwa naye ni wa maana, na hamu hiyo mara nyingi huishia kwenye jina: uponyaji, afya kamili, ushindi, tiba ya uhakika.

Kuna watakaosema jina ni rangi tu ukutani, kwamba mgonjwa anakwenda kwa sababu ya tabibu na bei. Ni kweli kwa kiasi fulani. Lakini katika bonde hili jina linaloahidi kupona lina madhara mawili ninayoweza kuyaeleza hatua kwa hatua, na yote mawili yanahusu maisha ya watu.

La kwanza ni homa. Katika miaka ya 1990 watafiti wa masuala ya jamii walikaa Ifakara wakisikiliza namna watu wanavyoieleza malaria, wakaandika jambo ambalo kila mwenyeji analijua. Watu wanakubali kwamba malaria inatoka kwa mbu na kwamba dawa ya hospitali inaitibu. Lakini mgonjwa akitumia dawa asipate nafuu, au kipimo kikasema hakuna vijidudu huku mwili ukiwaka moto, maelezo mengine huingia. Husemwa kwamba malaria hiyo ni ya bandia, au kwamba kuna mtu ameificha isionekane kwenye darubini. Hapo safari hubadilika, na badala ya kurudi kwa tabibu, familia huenda kwa mganga wa jadi ili kwanza aondolewe kinachoficha ugonjwa.

Sasa weka jina la uponyaji juu ya mlango wa zahanati. Mtoto ana homa ya siku mbili, kipimo cha haraka kimesema hana malaria, tabibu amempa dawa ya kushusha homa na kumwambia mama arudi kesho kutwa kama hali haijabadilika. Ni ushauri mzuri. Homa nyingi za watoto hazitokani na malaria, na nyingine hazijionyeshi chanzo chake siku ya kwanza. Lakini mama amesoma bango linalosema hapa watu wanapona, na mtoto wake hajapona. Hasemi kwamba bango limetia chumvi. Anahitimisha kwamba kama nyumba ya uponyaji imeshindwa, basi ugonjwa huu si wa hospitali. Siku zinazofuata ndizo ambazo nimonia inakaza kifua au malaria iliyokuwa bado changa inapanda kichwani na kuleta degedege. Jina limeifunga ile njia ya kurudi ambayo tabibu alikuwa ameiacha wazi kwa makusudi.

La pili ni magonjwa ambayo hayaishi, na hapa bonde lina kumbukumbu yake pia. Juu ya milima ya Mahenge, ng'ambo ya mto, kifafa kimewatesa watu kwa muda mrefu kuliko sehemu nyingi za nchi, na watafiti wamekihusisha na usubi. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 daktari kutoka Norwe, Louise Jilek-Aall, alianza kliniki ya kifafa huko. Wagonjwa walikuja wakiwa na makovu ya moto, kwa sababu wengi huanguka karibu na mafiga. Dawa aliyowapa iliwapunguzia au kuwaondolea vipindi vya kuanguka, na wengi wakarudi shambani na kwa familia zao. Lakini dawa ile haikukiondoa kifafa mwilini. Aliyeamini kwamba ameshapona akaiacha ghafla, vipindi viliweza kurudi kwa nguvu kuliko mwanzo, kimoja kikifuata kingine bila mgonjwa kuzinduka, na hali hiyo huua.

Wagonjwa walimwita Mama Daktari. Ukiliangalia jina hilo, ambalo hakuna kamati iliyokaa kulitunga, utaona kwamba lina upole na lina taaluma, na hakuna mahali linapotaja kupona. Linaeleza mtu aliyekuwepo kila mwezi dawa zilipotolewa. Kwa mgonjwa wa kifafa, wa shinikizo la damu, wa kisukari au wa seli mundu, hilo la kuwepo kila mwezi ndilo linalomweka hai.

Hospitali ya Mtakatifu Fransisko na washirika wake waliliona hilo walipoanzisha huduma ya virusi vya ukimwi katikati ya miaka ya 2000. Kliniki waliyoifungua waliiita Kliniki ya Magonjwa Sugu ya Ifakara. Jina hilo lilifanya kazi mbili kwa pamoja. Lilimsitiri mgonjwa, kwa sababu anayeonekana akiingia pale anaweza kuwa na ugonjwa wowote wa muda mrefu. Na lilimwambia ukweli tangu mlangoni, kwamba hapa utakuwa unarudi. Mtu aliyepokelewa chini ya jina hilo haoni ajabu akiambiwa kwamba vidonge ni vya maisha.

Kwa hiyo ninachowaambia wanaotaka kufungua zahanati ni kwamba jina litaje kile ambacho nyumba inaweza kukifanya kwa kila atakayeingia, hata yule ambaye hatapona. Ni rahisi kusema hivyo, lakini kulipata jina lenyewe ni kazi, kwa hiyo tuifanye.

Tuseme tabibu aliyestaafu utumishi wa serikali na mkewe, muuguzi mkunga, wamepata nyumba eneo la Kibaoni, Ifakara. Wana chumba cha kuonea wagonjwa, maabara ndogo, chumba cha sindano na vidonda, vitanda viwili vya mapumziko na choo kizuri. Wao wenyewe wanaishi nyumba ya nyuma. Hawana wodi, hawana chumba cha upasuaji, hawana picha za eksirei.

Neno la kwanza la jina lao limeshaamuliwa na vyumba hivyo. Hiyo ni zahanati. Kituo cha afya kinalaza wagonjwa, hospitali inazidi hapo, na maneno hayo ni ngazi za usajili, hayachaguliwi kwa kupenda. Mganga mkuu wa halmashauri atakuja kukagua, maombi yatapita mkoani na kufika Bodi ya Ushauri ya Hospitali Binafsi chini ya Wizara ya Afya, na ngazi itakayoandikwa kwenye cheti ndiyo inayopaswa kusomeka barabarani. Kishawishi cha kuandika hospitali, au polikliniki, au kituo cha mabingwa, ni kikubwa. Lakini ahadi ya ngazi ni hatari kuliko ahadi ya kupona, kwa sababu mtu huiamini akiwa na haraka. Mume anayembeba mke aliyeanza kutokwa damu baada ya kujifungua akiona neno hospitali, bodaboda itasimama hapo, na dakika za kufika Mtakatifu Fransisko, penye damu ya kuongezewa na chumba cha upasuaji, zitapotea wakati akiambiwa kwamba hapa hakuna.

Limebaki neno la pili. Wawili hawa wanaandika orodha kwenye daftari: Pona, Shifaa, Tumaini, Afya Bora, Huruma, Matunzo, Pima Kwanza, Jirani, na jina la ukoo wao.

Pona na Shifaa yanaondoka kwa sababu tulizokwisha kuziona. Kuna jaribio moja ambalo ningependa kila jina lipitie, nalo ni kulisikia kwenye kinywa cha aliyefiwa. Hata zahanati nzuri hupata mgonjwa aliyechelewa, akafia mikononi mwao au njiani kwenye rufaa. Kesho yake mama atawaeleza wanaokuja kumpa pole: tulimpeleka Pona. Jina likigeuka kumuumiza mwenye msiba, halifai. Tumaini linavumilika kidogo, ingawa nalo linaelekea kule kule, na zaidi ya hapo limeshatumika mno nchini hata halimtambulishi mtu. Afya Bora ni ahadi ya matokeo pia, isipokuwa imevaa nguo za ofisini.

Huruma ni jina zuri, na linapita jaribio la msiba. Tatizo lake liko kwenye dirisha la malipo. Hii ni zahanati ya biashara, ina mishahara ya kulipa na vitendanishi vya kununua. Mwezi Machi, maji yakiwa yamejaa bondeni na mpunga haujavunwa, wagonjwa wengi hawana fedha taslimu. Anayerudishwa kutoka dirisha la Huruma kwa kukosa fedha ya kipimo ana haki ya kuuliza huruma iko wapi. Wenye nyumba wakiwa na utaratibu wa kudumu kwa wasio na fedha, kwa mfano kumwona tabibu bila malipo na deni la dawa kusubiri mavuno ya Juni, jina hilo wanaweza kulibeba. Kama hawana, waliache.

Matunzo lilinivutia kuliko yote niliposoma orodha ya namna hii, kwa sababu linasema hasa kinachotolewa. Lakini nchini kwetu kliniki za watu wanaoishi na virusi vya ukimwi huitwa za tiba na matunzo. Mtu wa Kibaoni akiona Zahanati ya Matunzo, anaweza kudhani ni ya dawa za kufubaza virusi, akasita kuonekana hapo na mtoto mwenye mafua. Hayo yalilipata jina la Angaza, lililozinduliwa na shirika la Amref mwaka 2001 kwa vituo vya ushauri nasaha na upimaji. Lilikuwa jina lenye mwanga na lisiloahidi tiba, likafanikiwa kiasi kwamba kusema fulani amekwenda Angaza kukawa ni kutangaza alichokwenda kupima. Jina la afya haliishi peke yake. Linaingia kwenye mtaa ambao tayari una majina mengine, na ni lazima uyajue kabla ya kuongeza lako.

Pima Kwanza ndilo lililofanana na Zuia Mbu. Linataja kitendo, na ni kitendo kizuri, kwa kuwa dawa za malaria na za kuua bakteria zinazotolewa kwa kubahatisha zimeleta hasara kubwa. Lakini chandarua kinazuia mbu hata umeme ukikatika. Maabara haipimi bila vitendanishi, na siku ambayo darubini imezimika au boksi la vipimo vya haraka limekwisha, jina zima linakuwa uongo. Pia lina ubaridi. Mama aliyetoka shamba la mbali na mtoto mgongoni anataka kupokelewa kwanza, hayo ya kupima yafuate.

Jina la ukoo lina heshima na uwajibikaji, kwa sababu mtu anajua nani wa kumlaumu. Linafaa pale mwenye jina atakapokuwepo mwenyewe. Siku tabibu akiajiri kijana na yeye kuhamia Dodoma kwa wanawe, jina litakuwa linaahidi mtu asiyeonekana tena.

Jirani. Nililipuuza mwanzoni kwa kuwa ni neno la kila siku, lakini kadiri ninavyolijaribu ndivyo linavyosimama. Haliahidi kupona. Jirani anakuja kukiwa na ugonjwa, anakuja kukiwa na msiba, na mama aliyefiwa anaweza kusema tulimpeleka kwa Jirani bila neno hilo kumchoma. Muislamu wa Kibaoni na Mkatoliki wa karibu na kanisa kuu wote wamefundishwa haki ya jirani, kwa hiyo halimtengi mtu. Linadai jambo moja tu gumu, kwamba jirani hugongewa usiku. Wawili hawa wanaishi nyumba ya nyuma, kwa hiyo wakikubaliana nani ataamka siku gani, wanaweza kulitimiza. Wangekuwa wanafunga saa kumi na moja jioni na kwenda kulala mji mwingine, ningewaambia watafute jina jingine.

Kabla ya kuchapa chochote, ningewashauri wafanye kama KINET walivyofanya, waende sokoni na stendi kuuliza. Wasiulize kama jina linapendeza, maana kwa adabu zetu kila mtu atasema linapendeza. Waulize kinachotarajiwa: mama, ukisikia kuna Zahanati ya Jirani, utampeleka nani pale, na usiku utampeleka? Bibi akijibu, mwanangu, pale nitampeleka mtoto mwenye homa, lakini mimba ikisumbua nakwenda Fransisko, jina limeeleweka vizuri kuliko wenyewe walivyotumaini. Akijibu kwamba pale bila shaka ni bure kwa kuwa ni jirani, wamegundua tatizo mapema, na bei za msingi inabidi ziandikwe pale pale nje. Dereva wa bodaboda naye aulizwe, tena kwa simu yenye mikwaruzo, alirudie jina. Jina likisikika vibaya, mgonjwa atashushwa kwingine.

Makaratasi yafuate hapo. Jina litafutwe kwanza katika mfumo wa BRELA kuona kama halijachukuliwa wala halifanani mno na la mwingine, na kuongeza jina la mtaa husaidia: Zahanati ya Jirani Kibaoni. Kisha jina hilo hilo, herufi kwa herufi, liende kwenye namba ya mlipakodi, leseni ya biashara, maombi ya usajili wa kituo na mkataba wa bima. Cheti kinachosema Jirani Kibaoni, risiti inayosema Jirani Medikali na bango linalosema Kliniki ya Jirani ni nyumba tatu machoni pa mhakiki wa madai ya bima, na malipo yatakaa yakisubiri barua za maelezo.

Yanayobaki ya kumwambia mgonjwa yasibanwe ndani ya jina. Bango lina mistari chini yake, na hiyo ndiyo ya kuandikia ukweli wa kila siku. Kwa zahanati hii ningeandika hivi: magonjwa ya kawaida ya watoto na watu wazima, kliniki ya shinikizo la damu na kisukari kila mwezi, vipimo vya maabara, huduma usiku gonga mlango wa nyuma. Na mstari wa mwisho, kwa herufi kubwa kama za juu: mjamzito mwenye uchungu, ajali na wanaohitaji kulazwa, nendeni moja kwa moja Hospitali ya Mtakatifu Fransisko.